Kuhama Slack na Notion: kifurushi gani kinakuruhusu kuondoka na kila kitu, na kwa umbo gani

Swali: “Sisi ni kikundi cha watafsiri 9. Miezi 10 sasa tunajadiliana kwenye Slack, kifurushi cha bure, na hati zetu ziko Notion, kifurushi cha Plus. Tunataka kuhama kote kuwili na kuondoka na kila kitu: mazungumzo, mafaili, majedwali ya istilahi. Mwenzetu anasema lazima tulipie kifurushi cha juu, mwingine anasema sheria inawalazimisha watupe bure. Nani yuko sahihi? Na tuombe PDF au nini?”

Ndugu, kila mmoja wa wenzako ameshika upande mmoja wa jambo. Kwenye Slack kweli kifurushi ndicho kinachoamua mtatoka na nini, na kwa hali yenu kulipia mwezi mmoja kuna maana. Kwenye Notion hamna haja ya kupanda popote, kwani mlichonacho kinatosha. Sheria nayo ipo na ina meno, ila inamlinda mtu mmoja mmoja kuhusu data yake binafsi. Si njia ya kikundi kuondoka na kila kilichomo kwenye nafasi yake ya kazi, yaani workspace, bila kupitia kifurushi. PDF iacheni, nitaeleza sababu nikifika Notion.

Nianze na Slack kwa sababu huko saa inawahesabia. Kifurushi cha bure kinawaonyesha ujumbe wa siku 90 za mwisho tu. Wengi wakiona hivyo hudhani yaliyotangulia yamefutwa, na bado hayajafutwa, yamefichwa. Ila tangu tarehe 26 Agosti 2024 Slack ilianza kufuta moja kwa moja ujumbe na mafaili yaliyozidi mwaka mmoja kwenye nafasi za bure, na inaendelea kufuta kadiri siku zinavyosogea. Nyinyi mna miezi 10. Maana yake ni kwamba mazungumzo yenu yote bado yako kwenye seva zao, miezi kama 7 ya mwanzo imefichwa machoni penu, na baada ya miezi 2 siku zenu za kwanza kabisa zitaanza kupotea bila njia ya kuzirudisha. Mkipanda kifurushi cha kulipia kabla ya hapo, kilichofichwa kinafunuka. Mkichelewa, hata kifurushi cha bei kubwa kuliko vyote hakifufui kilichofutwa.

Sasa, kila kifurushi kinatoa nini? Kwa kifurushi cha bure, mwenye nafasi au msimamizi wake anaweza kutoa data ya chaneli za wazi peke yake, na ni zile siku 90 tu. Kwa Pro ni chaneli za wazi vilevile, lakini historia yote. Chaneli za faragha na mazungumzo ya mtu kwa mtu hayamo kwenye kimojawapo kati ya hivyo viwili. Kwa Business+, mwenye nafasi anaweza kuomba afunguliwe utoaji wa mazungumzo yote, ya faragha yakiwemo. Nimesema “kuomba” kwa makusudi. Hakuna kitufe kinachojitokeza mara tu mnapolipa. Maombi yanapitiwa, na anayeomba anathibitisha kwamba ana haki ya kufanya hivyo kwa mujibu wa makubaliano yake na wanachama na kwa sheria inayowahusu. Kwa Free na Pro kuna mlango mwembamba wa kuomba data ya faragha, nao ni kwa mambo kama amri ya mahakama, ridhaa ya wanachama wenyewe, au haki mnayopewa na sheria.

Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kutoa pesa ni hili: kazi yenu ya maana iko kwenye chaneli za aina gani? Kama mijadala ya istilahi ilifanyika kwenye chaneli za wazi, Pro ya mwezi mmoja inawatosha, mnatoa kila kitu kisha mnashuka. Kama nusu ya maamuzi yako kwenye chaneli ya faragha ya wahariri, zipo njia mbili. Ya kwanza ni Business+ na maombi yake. Ya pili ni ya bei nafuu, na binafsi ndiyo ningeichagua kwa watu 9 wanaoelewana: mkishapanda Pro, kila mwanachama achukue mazungumzo yake mwenyewe kupitia programu ndogo mnayoisajili ndani ya nafasi yenu. Programu hiyo inapewa ruhusa za `groups:history` kwa chaneli za faragha, `im:history` kwa mazungumzo ya watu wawili, `mpim:history` kwa yale ya watu watatu na zaidi, na `files:read` kwa mafaili, kisha inasoma kwa `conversations.history`. Majibu yaliyo ndani ya mjadala hayaji kwa amri hiyo, yanahitaji `conversations.replies`. Hili la majibu ndilo linalosahaulika sana, na dalili yake ni kwamba unapata maswali mengi yasiyo na majibu na kudhani watu hawakujibiana.

Njia hiyo ya pili ina uzuri mwingine. Kila mtu anachukua kile ambacho tayari ana haki ya kukiona, na hakuna anayesomewa maneno aliyomwandikia mwenzake kwa siri. Hata pale Business+ inaporuhusu, mwenye nafasi anayetoa mazungumzo ya faragha ya wenzake bila kuwaambia anatafuta ugomvi.

Jambo la malipo kabla hamjapanda: Slack hutoza kwa idadi ya wanachama walio hai. Angalieni orodha yenu. Kama kuna waliojiunga wakaondoka, zimeni akaunti zao kwanza. Ujumbe walioandika kwenye chaneli haupotei kwa kuzimwa akaunti. Na chagueni malipo ya mwezi, msichague ya mwaka, maana punguzo la mwaka halina faida kwa mtu anayefunga mizigo.

Mkishapanda, mwenye nafasi afungue mipangilio ya nafasi kwenye kivinjari, aingie `Import/Export Data`, achague `Export`, aweke kipindi cha tarehe zote, kisha abonyeze `Start Export`. Barua pepe inakuja faili likiwa tayari. Mkilifungua mtakuta ZIP yenye mafaili machache juu, kama `channels.json` na `users.json`, halafu folda moja kwa kila chaneli, na ndani ya kila folda faili moja la JSON, yaani maandishi yaliyopangwa ili programu iyasome, kwa kila siku iliyokuwa na mazungumzo. Ujumbe mmoja huonekana hivi:

```
{
  "type": "message",
  "user": "U04K7QX2M",
  "text": "Tumekubaliana, kisawe kibaki.",
  "ts": "1763116800.004200",
  "thread_ts": "1763030400.001900"
}
```

Mtu asiyezoea akiona hivi hukata tamaa, lakini si jambo gumu. `user` ni namba ya mwanachama, na jina lake liko kwenye `users.json`. `ts` ni wakati, umehesabiwa kwa sekunde tangu mwanzo wa 1970, na pia ndiyo kitambulisho cha ujumbe huo ndani ya chaneli. Hapa ni tarehe 14 Novemba 2025, 10:40 kwa saa ya UTC. `thread_ts` inasema ujumbe huu ni jibu, na inataja `ts` ya ujumbe uliojibiwa. Ukiipima utaona ni sekunde 86400 nyuma, yaani jana yake saa ileile. Kwa hiyo swali liko kwenye faili la `2025-11-13.json` na jibu liko kwenye la `2025-11-14.json`. Anayesoma siku moja moja atakutana na jibu lililokatika kutoka kwenye swali lake. Programu yoyote mtakayotumia kuyasoma mafaili haya iwe inaunganisha kwa `thread_ts`, la sivyo mijadala mirefu ya istilahi itasambaratika.

Sasa linakuja lile ambalo limewaumiza wengi: mafaili mliyopakia hayamo kwenye ZIP. Kilichomo ni viungo vyake tu. Picha, hati za Word na rekodi za sauti, vyote vinabaki kwenye seva za Slack, na mkifuta nafasi mkiwa na ZIP mkononi mmebaki na anwani za nyumba iliyobomolewa. Ukubwa wa ZIP wenyewe unawatonya. Kikundi kilichobadilishana rasimu kwa miezi 10 kikipokea faili la megabaiti chache, hiyo ni maandishi matupu.

Viungo hivyo vina tokeni mwishoni, inayoanza na `xoxe-`, ambayo ndiyo inayoruhusu kupakua bila kuingia kwenye akaunti. Kwenye dirisha la amri la Linux au Mac lenye programu za `jq` na `wget`, ukiwa ndani ya folda uliyofungua ZIP, amri hii inavikusanya vyote kwenye orodha moja:

```
find . -name '20??-??-??.json' -exec \
  jq -r '.[].files[]?.url_private_download // empty' {} + \
  > viungo.txt
wc -l viungo.txt
```

Namba inayotoka mwisho ni idadi ya viungo, iandikeni mahali. Kisha mnapakua:

```
wget -x -i viungo.txt
```

Hiyo `-x` si pambo. Inaagiza kila faili liwekwe kwenye folda inayofuata anwani yake. Bila hiyo, mafaili yote yataangukia folda moja, na kwenye Slack picha nyingi zina jina lilelile la `image.png`, kwa hiyo itabidi mkisie ipi ni ipi kwa namba za nyongeza. Majina yatakuja na mkia wa tokeni. Unaudhi macho, lakini unaondolewa baadaye kwa amri ya kubadili majina.

Halafu kagueni. Tuseme orodha ilikuwa na viungo 412 na mmepata mafaili 412. Msishangilie bado. Kiungo ambacho tokeni yake imekufa hakigomi, kinawapa ukurasa wa kuingia kwenye akaunti, na ukurasa huo unahifadhiwa kwenye kompyuta kwa jina la picha yenu. Kinachowafichua ni aina halisi ya faili:

```
find files.slack.com -type f -exec file {} + | grep HTML
```

Ikitoa mistari 15, basi mafaili 15 kati ya yale 412 ni kurasa za kuingilia zilizojivika majina ya picha. Rudini Slack, toeni data upya mpate tokeni mpya, mpakue hizo 15. Na yale mliyobandika kutoka Drive hayatakuwa kwenye hesabu hii kabisa, kwa sababu Slack haikuwahi kuyahifadhi. Hayo yanachukuliwa kwa Google Takeout, ambayo haijali kama unalipa au la, nayo huzigeuza hati za Google kuwa DOCX na majedwali kuwa XLSX. Kila mtu huko anapata mafaili anayoyamiliki yeye, kwa hiyo itabidi kila mwenzenu aliyeanzisha hati afanye yake.

Kwa sababu ya tokeni hizo, ZIP ya Slack ni ufunguo. Atakayeipata anaweza kuyafungua mafaili yenu bila nywila. Msiitume kwenye kundi la simu “ili kila mtu awe na nakala”. Gawaneni mafaili mliyokwisha kuyapakua, siyo ZIP yenyewe.

Notion ni habari nyepesi zaidi. Hapo kifurushi hakizuii kuondoka na maudhui yote. Hata wa bure anaweza kutoa nafasi nzima kwa HTML, au kwa Markdown, yaani maandishi ya kawaida yenye alama chache za muundo, pamoja na CSV, yaani jedwali lililohifadhiwa kama maandishi. Kifurushi kinaingia kwenye PDF: ukurasa mmoja unaweza kuutoa kwa PDF popote ulipo, lakini PDF ya nafasi nzima, au ya ukurasa pamoja na kurasa zilizo chini yake, ni ya Business na Enterprise. Huu ni mtindo ulioenea. Mara nyingi mnalipishwa umbo linalopendeza macho, na umbo linalofaa kuhamia limewekwa bure.

Ndiyo maana nasema PDF muiache. Jedwali la istilahi likigeuzwa PDF linasomeka na kuchapika, lakini halirudi tena kuwa jedwali. Safu zinapasuka kati ya kurasa, neno refu linakatwa, na siku mnayotaka kulipakia kwenye programu nyingine mtaanza kunakili kwa mkono. CSV ni mbaya kuitazama na ni rahisi kuitumia. Toeni mara mbili: mara ya kwanza `Markdown & CSV` kwa ajili ya kuhamia, mara ya pili `HTML` kwa ajili ya kusoma na kuhifadhi sura. Mkihitaji PDF ya mkataba fulani, fungueni HTML yake kwenye kivinjari mwichapishe kama PDF bila kumlipa mtu.

Kitufe kiko kwenye mipangilio ya nafasi, kinaitwa `Export all workspace content`, na anayekiona ni mwenye nafasi. Kiungo kinakuja kwa barua pepe, nacho kina muda wake, kwa hiyo pakueni siku hiyohiyo. Kuna jambo moja ambalo mwenye nafasi huwa halioni kwa sababu halimgusi yeye: utoaji unachukua kurasa anazoweza kuzifikia aliyebonyeza. Kurasa binafsi za wenzake hazimo. Neno “all” kwenye kitufe ni pana kuliko kinachotoka. Kabla ya siku ya kutoa, waambieni wote 9 wasogeze rasimu zao za kazi kwenye eneo la pamoja, au kila mmoja atoe za kwake. Na msimwondoe mwanachama yeyote kwenye Notion kabla hajafanya hivyo. Hapa ni kinyume cha Slack, ambako niliwaambia mzime akaunti za walioondoka.

Kwenye ZIP ya Notion, kila faili na folda ina mkia wa herufi na namba 32 baada ya jina lake. Mkia huo ndio unaoshikilia viungo kati ya kurasa, usiukate mpaka mmalize kuhamia. Shida yake huonekana kwenye Windows. Ukurasa ulio ndani ya ukurasa ulio ndani ya ukurasa, kila mmoja na mkia wake, unavuka haraka kikomo cha zamani cha herufi 260 kwa njia ya faili, na kifunguzi cha ZIP kinaruka mafaili hayo au kinatoa kosa. Fungueni ZIP kwenye folda ya jina fupi juu kabisa ya diski, kama `C:\n`, au tumieni programu ya 7-Zip. Kisha linganisheni idadi ya mafaili yaliyo ndani ya ZIP na yaliyotoka. Zikitofautiana, yaliyokosekana karibu daima ni yale yaliyozama chini zaidi.

Kila hifadhidata huja na CSV mbili, moja ya jina la kawaida na nyingine inayoishia `_all.csv`. Ya kwanza inafuata mwonekano, pamoja na vichujio vyake, na ya pili ina safu na mistari yote. Kama jedwali lenu la istilahi lilikuwa limechujwa lionyeshe maneno yaliyoidhinishwa tu, CSV ya kwanza itakuwa na hayo peke yake, na mtu asiyejua ataapa kwamba Notion imekula nusu ya kamusi. Tumieni `_all.csv`.

Tufuate jedwali lenyewe tuone kinachopotea. Tuseme kila neno lina safu ya chanzo, tafsiri, hali, na safu inayounganisha neno na jedwali la miradi lilimotumika. Chanzo, tafsiri na hali vinatoka salama. Muunganisho na miradi unatoka kama maandishi, yaani jina la mradi na njia ya faili lake, na uhusiano wenyewe hautoki. Mkiipakia CSV hiyo kwingine, hata mkirudisha Notion yenyewe, itabidi mjenge uhusiano upya kwa kulinganisha majina. Ndiyo sababu, kabla ya kutoa, hakikisheni hakuna miradi miwili yenye jina moja. Ikiwapo “Mwongozo” mara mbili, baada ya kutoa hamtajua neno lilikuwa la mwongozo upi bila kufukua ile mikia ya herufi 32. Fomula nazo zinatoka kama majibu yaliyokwisha kukokotolewa. Mionekano, mpangilio wa safu mbilimbili kwenye ukurasa na rangi haviingii kwenye Markdown, na visanduku vya angalizo vinageuka kuwa alama ya `<aside>`. Historia ya matoleo ya ukurasa haitolewi. Kama toleo la zamani la tafsiri lina thamani kwenu, lirudisheni, linakilini liwe ukurasa wake, kisha mtoe.

Sasa kwa yule mwenzenu wa sheria. Anayoifikiria huenda ni GDPR, sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, na nchi nyingine nyingi zimeiga haki hizo. Kifungu cha 15 kinampa mtu haki ya kuona data yake binafsi na kupewa nakala. Cha 20 kinampa haki ya kupokea data aliyoitoa mwenyewe kwa umbo lenye mpangilio, linalotumika na wengi na linalosomeka kwa mashine. Jibu litoke ndani ya mwezi 1, linaweza kuongezwa miezi 2 kukiwa na sababu, na kwa kawaida ni bure. Kifurushi hakina nafasi katika hilo: anayetumia bure na anayelipa wana haki ileile.

Lakini angalia maneno yake. Ni data ya mtu, aliyoitoa yeye, na kifungu chenyewe kinakataza kuathiri haki za wengine. Mjadala wa watu 9 una maneno ya watu 9. Mmoja wenu akiomba, ana haki na yale yanayomhusu yeye, na wengine 8 hawakumpa mamlaka ya kubeba maneno yao. Pia kwenye nafasi ya kazi ya pamoja, Slack kwa kawaida hujiona kuwa mchakataji anayefanya kazi kwa maagizo ya mteja, na mteja ni nyinyi. Mwanachama akiwaandikia, watamrudisha kwa mwenye nafasi, yaani kwako. Ombi la kisheria mlilofikiri mtalipeleka kwa kampuni linaweza kuishia kwenye meza yako mwenyewe.

Kinachowagusa nyinyi kama kikundi ni sheria nyingine, Sheria ya Data ya Umoja wa Ulaya, ambayo imeanza kutumika tarehe 12 Septemba 2025. Hii inazungumza na mteja wa huduma za wingu, awe mtu au kampuni, na inamfuata mtoa huduma popote alipo mradi mteja yuko ndani ya Umoja. Mkataba unatakiwa useme data gani inaweza kutolewa, taarifa ya kuhama isizidi miezi 2, na baada ya kipindi cha kuhama mteja abaki na angalau siku 30 za kuchukua data yake. Ada za kuhama zinakoma kabisa tarehe 12 Januari 2027. Kama kikundi chenu kimesajiliwa katika nchi mojawapo ya Umoja, someni sehemu hiyo ya mkataba na mwitaje kwa jina mnapoandika kwa huduma ya wateja. Kama hakijasajiliwa huko, basi kinachowafunga nyinyi na kampuni ni masharti ya kifurushi, na ndiyo maana nimekaa nayo muda mrefu.

Kwa ratiba yenu ningefanya hivi. Notion toeni wiki hii, haina gharama wala haina haraka, na mtajifunza kukagua. Slack mpande Pro mapema ndani ya wiki mbili tatu zijazo, kabla hamjakaribia kutimiza miezi 12 kwenye Slack, mtoe siku ya kwanza ya mwezi uliolipiwa ili mbaki na siku za kutosha kurudia viungo vilivyokufa na kwa kila mtu kuchukua mazungumzo yake ya faragha. Jaribu la mwisho kabla ya kushuka kifurushi: mwambie mwenzenu ambaye hakushiriki kutoa data ataje mjadala mmoja anaoukumbuka wa mwezi wenu wa pili kwenye Slack, wenye faili lililoambatishwa, kisha mlitafute kwenye nakala zenu bila kufungua Slack. Mkilipata swali, majibu yake na faili likafunguka, shukeni. Nafasi yenyewe msiifute mpaka mwezi huo wa kulipia uishe.